Barua ya mwenyekiti ina kurasa tano, mteja anasoma mistari mitano: nini huwa kinapotea njiani

Kila ripoti ya mwaka ina ile barua ya mwenyekiti wa bodi pale mwanzoni, kurasa nne tano hivi, picha yake kakaa vizuri, afu maneno yanaanza "Kwa niaba ya bodi, nina furaha kubwa..." Wiki moja baadaye mtu wa mawasiliano anarushiwa hilo faili na meseji fupi: tutolee dondoo tano za wateja, za mtandaoni na za meseji za simu, kesho asubuhi tunazitaka. Hapo ndo kazi inaanza, na hapo hapo ndo uongo unaingia, tena bila mtu yeyote kukusudia kumdanganya mtu. Namba zote zimetoka kwenye barua, mwenyekiti kasaini, sasa shida iko wapi?

Shida iko kwenye vijineno. Barua ya mwenyekiti ni ndefu kwa sababu imejaa "ukiacha", "bila kuhesabu", "tangu", "hasa kutokana na", "ikitegemea", yani maneno ambayo kila moja liliwekwa na mtu kwa sababu, mara nyingi mwanasheria au mhasibu aliyekaa nayo usiku. Sasa ukiambiwa fupisha, macho yanakimbilia namba na vijineno vinaonekana kama mafuta ya kukata. Mi baada ya miaka kadhaa ya kazi hii nimebaki na sheria moja tu ninayoishika kweli kweli: kata dai zima ukitaka, ila usikate kishikizo cha dai, yani hivyo vijineno vinavyolishikilia, ukaliacha dai limesimama. Kama kishikizo kinafanya mstari uwe mrefu mno, basi huo mstari sio wa dondoo, uache ubaki kwenye barua.

Nitaonyesha kwa mfano mmoja, nimeutunga kwa ajili ya makala hii, kampuni ya bima isiyo na jina, ila mitego iliyomo ndani ni ile ile ninayokutana nayo kila msimu wa ripoti. Barua ya mwenyekiti ina aya hii:

"Ada za bima zilizokusanywa na kundi letu ziliongezeka kwa asilimia 18, zikichangiwa pia na kampuni tuliyoinunua mwezi Aprili, bila ununuzi huo ongezeko lilikuwa asilimia 7. Faida kabla ya kodi, ukiacha gharama za mara moja za kuunganisha mifumo, ilipanda kwa asilimia 11. Katika bima ya magari tulilipa asilimia 96 ya madai ambayo nyaraka zake zilikamilika, na wastani wa muda wa kulipa ulishuka kutoka siku 21 hadi siku 12 tangu nyaraka kukamilika. Malalamiko ya wateja yaliongezeka kutoka 1,900 hadi 2,600, hasa kutokana na kuhamisha mfumo katika robo ya tatu. Bodi imeidhinisha mpango wa dawati la malalamiko la saa 24, linalotarajiwa kuanza katikati ya mwaka ujao, ikitegemea idhini ya mdhibiti."

Aya ya kistaarabu kabisa, mimi nikiisoma sioni uongo. Sasa angalia rasimu ya kwanza ya dondoo ilivyotoka kwa watu wa masoko:

"Tumekua kwa asilimia 18! Faida yetu imepanda kwa asilimia 11! Tunalipa madai 96 kati ya 100, ndani ya siku 12 tu! Na sasa tunakusikiliza saa 24!"

Mistari minne, hakuna namba hata moja iliyotungwa, na hakuna mstari hata mmoja ambao mteja akiusoma ataelewa kitu cha kweli. Malalamiko yenyewe yameyeyuka.

Kabla hatujaanza kurekebisha, kuna jambo watu wengi hawalijui kuhusu hiyo barua. Unasikia "imo kwenye ripoti iliyokaguliwa" kana kwamba mkaguzi wa hesabu kaipitisha kila sentensi. Hapana bwana. Mkaguzi anatoa maoni juu ya taarifa za fedha zilizo nyuma huko pamoja na maelezo yake. Barua ya mwenyekiti inaingia kwenye kundi la maandishi mengine, na kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 720 kinamtaka mkaguzi ayasome aone kama yanagongana na hesabu au na anachokijua kutokana na ukaguzi wake, ila hatoi maoni ya ukaguzi juu yake. Kwa hiyo chanzo chako cha mwisho sio barua. Barua ni ramani, inakuambia dai gani lipo, afu unaenda kwenye taarifa za fedha, kwenye maelezo ya nyuma, na kwa vitu ambavyo havimo kabisa kwenye hesabu, kama siku za kulipa na malalamiko, unaenda kumuuliza mtu wa idara husika alivyohesabu.

Mi huwa nachukua aya, naipiga vipande, dai moja kipande kimoja, na kila kipande nakiuliza maswali machache: nani hasa kafanya hiki kitu, kundi zima au kampuni yetu hii anayoijua mteja, kimepimwaje, kati ya jumla ya nini, kuanzia lini hadi lini, na je kimetokea tayari au bado. Kinachojibiwa vizuri nakiandikia pembeni ukurasa na jina la aliyenithibitishia. Kisichojibika kinakaa nje. Nikifanya hivi kwenye aya yetu, kipande kinachonichukua muda mrefu kuliko vyote ni kile cha madai, maana ndicho mteja wa bima anachokijali kuliko kitu chochote, na ndicho chenye mashimo mengi.

"Asilimia 96 ya madai ambayo nyaraka zake zilikamilika." Naenda idara ya madai, nauliza, jumla ya madai ya magari yaliyoripotiwa mwaka huu ni mangapi? Wananiambia 10,000. Yaliyokamilika nyaraka? 8,000. Yaliyolipwa? 7,680. Basi sawa, 7,680 kati ya 8,000 ni asilimia 96, mwenyekiti yuko sahihi. Ila mteja akisoma "tunalipa madai 96 kati ya 100" haoni hilo fungu la 8,000 kichwani kwake, anamwona mtu yeyote aliyepata ajali akapiga simu. Ukihesabu hivyo anavyohesabu yeye ni 7,680 kati ya 10,000, kama 77 kati ya 100. Tofauti ya 96 na 77 yote imekaa kwenye maneno manne yaliyokatwa, "ambayo nyaraka zake zilikamilika".

Sasa hapa usirukie upande wa pili ukaandika "23 kati ya 100 hawalipwi", maana huo nao ni uongo, umevaa tu nguo za ukweli. Kwenye yale 2,320 yasiyolipwa, 320 yalikataliwa na 2,000 nyaraka hazikuwa zimekamilika mpaka mwaka unafungwa. Katika hayo 2,000 yamo ya mtu aliyepata ajali Desemba na bado anasubiri karatasi ya polisi, yamo ya mtu aliyekata tamaa akaacha kufuatilia, na mengine yatalipwa mwaka ujao. Kwa hiyo kwa kila madai 100 yaliyoripotiwa: 77 yalilipwa, 3 yalikataliwa, 20 nyaraka hazikuwa zimekamilika. Mstari mmoja, unaeleweka na kila mtu, na ukiutazama vizuri unamsaidia hata mteja kwa sababu anaona kinachokwamisha watu sana sio kukataliwa, ni karatasi.

Na bado kuna swali moja la kuuliza, "limelipwa" maana yake nini. Kampuni nyingi zikihesabu idadi, dai la 100 lililolipwa 60 linahesabika limelipwa sawa na lile lililolipwa lote. Nauliza idara ya madai, wakiniambia ndio humo yamo yaliyopunguzwa, basi siandiki "tulilipa kikamilifu" wala "walipata haki yao yote", naandika "yalilipwa" tu, na mahali penye nafasi naongeza "lote au sehemu". Kama mwaka huo yaliyopunguzwa ni mengi sana, basi hayo maneno matatu ni lazima, sio ya kuongeza kukiwa na nafasi.

Tuje kwenye siku 12, hapa ndo nilishawahi kuungua mwenyewe. Kampuni moja niliyofanyia kazi zamani niliandika kwenye bango la mtandaoni kwamba wateja wanalipwa ndani ya siku fulani, nikiwa nimetoa namba kwenye barua ya mwenyekiti nikaacha kile kipande cha mwisho, "tangu nyaraka kukamilika". Haikupita muda mama mmoja akaja kaunta na picha ya skrini ya lile bango na kadaftari ka tarehe zake zote, alivyoripoti, alivyoleta kitu gani, alivyoambiwa rudi na kitu gani. Siku zilikuwa zaidi ya mara tatu ya nilizoandika. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hizi siku zenu mnaanza kuzihesabu wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa pale pale, na kiukweli yeye alikuwa kasoma kilichoandikwa, mimi ndo nilikuwa sijakiandika kilichosemwa.

Saa ya kampuni inaanza kukimbia nyaraka zikikamilika, saa ya mteja inaanza siku ya ajali. Kwenye mfano wetu naenda kuuliza, madai hayo yaliyolipwa yalichukua wastani wa siku ngapi kukamilisha nyaraka? Siku 26. Ukijumlisha na zile 12 ni siku 38 tangu mtu aripoti. Sasa nina namba mbili za kweli, na mteja anastahili zote mbili, kwa sababu 12 inamwonyesha kampuni imejirekebisha (kutoka 21 sio mchezo) na 38 inamwambia ajipange vipi.

Afu neno "wastani" lenyewe. "Wastani wa siku 12" ukiibadilisha ikawa "ndani ya siku 12" umeshageuza hesabu ikawa ahadi ya kikomo. Chukua madai kumi: tisa yamelipwa kwa siku 5, moja likakaa siku 75. Jumla 120, gawa kwa kumi, wastani 12. Humo ndani hakuna hata mtu mmoja aliyelipwa siku ya 12, na kuna mmoja aliyesubiri miezi miwili na nusu ambaye akisoma "ndani ya siku 12" ataona anatukanwa. Nikiweza kupata namba ya katikati, yani ukipanga madai yote kwa siku zake lile lililokaa katikati lilichukua siku ngapi, huwa naiomba, maana "nusu ya madai yalilipwa ndani ya siku kadhaa" ni sentensi ambayo mteja anaielewa bila kuchanganywa na yale machache yaliyokwama. Isipopatikana naandika "wastani" na silibadilishi hilo neno kwa lolote.

Kuna mtego mwingine ambao uko kwenye Kiswahili chenyewe na sijaona watu wakiuzungumzia sana. Mwenyekiti kaandika "tulilipa", rasimu ikaandika "tunalipa". Herufi mbili tu. Lakini "tulilipa" ni kumbukumbu ya mwaka uliopita, "tunalipa" ni tabia, na kwenye sikio la mteja tabia ni ahadi, ndivyo tulivyo na ndivyo tutakavyokufanyia na wewe. Hakuna mtu kwenye bodi aliyeahidi asilimia 96 mwaka ujao. Kwa hiyo matokeo ya mwaka yakae kwenye -li-, hata kama "tunalipa" inasikika changamfu zaidi kwenye tangazo. Na "tunafungua" ndo hatari kabisa, maana kwa Kiswahili cha mazungumzo "tunafungua dawati" inaweza kuwa leo, kesho, au mwezi wa sita, kila mtu anasikia anachotaka. Barua inasema bodi imeidhinisha mpango, linatarajiwa katikati ya mwaka, ikitegemea idhini ya mdhibiti. Humo kilichokwisha ni idhini ya bodi tu, mengine bado, na rasimu iliyarukia yote ikatua kwenye "sasa tunakusikiliza saa 24". Mtu akipiga simu saa nane usiku akiamini hilo tangazo ataongea na nani?

Pia angalia "kwa" na "hadi". "Muda ulishuka hadi siku 12" na "muda ulishuka kwa siku 12" ni vitu viwili tofauti, hapa umeshuka kwa siku 9, hadi 12. Nimeshaona meseji zimetumwa kwa maelfu ya watu zikiwa na "kwa" mahali pa "hadi", na aliyezihakiki aliangalia namba tu, namba ilikuwa sahihi, akapitisha. Ndugu yake ni ule wa asilimia: kitu kikishuka kutoka asilimia 8 hadi asilimia 6, kimeshuka kwa pointi 2 za asilimia, au kwa robo ukilinganisha na kilipokuwa. Zote sahihi, ila watu wa masoko siku zote watachagua asilimia 25 kama ni habari njema na 2 kama ni mbaya. Mi naandika "kutoka 8 hadi 6" namaliza ugomvi.

Faida. Hiki kipande kinaleta mzozo kila mwaka. "Ukiacha gharama za mara moja za kuunganisha mifumo, ilipanda kwa asilimia 11." Naenda kwenye taarifa ya faida na hasara, tuseme mwaka jana faida kabla ya kodi ilikuwa 100. Mwaka huu bila zile gharama ni 111, ndo asilimia 11 ya mwenyekiti. Gharama za kuunganisha ni 15. Kwa hiyo faida halisi iliyoandikwa kwenye hesabu ni 96, yani imeshuka kwa asilimia 4. Ukikata kishikizo hapa huongezi chumvi tu, unageuza mwelekeo wa mshale, kilichoshuka kinasomeka kimepanda.

Sio kwamba mwenyekiti ana kosa kutumia kipimo hicho, wawekezaji wanakitaka maana kinawaonyesha biashara ya kawaida inaendaje. Ila hata wasimamizi wa masoko ya mitaji wameona kinavyotumika vibaya. Mamlaka ya Umoja wa Ulaya, ESMA, ina mwongozo unaotumika tangu Julai 2016 unaosema vipimo vya namna hii visiwekwe mbele au kupewa mkazo kuliko tarakimu zinazotoka moja kwa moja kwenye taarifa za fedha. Na kiwango kipya cha uhasibu, IFRS 18, kitakachoanza kutumika rasmi 1 Januari 2027, kitazitaka kampuni zinazojitangaza kwa faida za kujipimia zenyewe ziweke kwenye maelezo ya hesabu jinsi faida hiyo inavyofika kwenye ile rasmi. Kwa sisi tunaofupisha hiyo itakuwa nafuu, badala ya kumsumbua mhasibu unafungua maelezo unaiona hesabu ya kutoka 111 hadi 96 imepangwa.

Sasa dondoo za mteja zifanye nini na faida? Njia mbili, zote za heshima. Ama unaitoa kabisa, kwa sababu mwenye bima ya gari hana hisa na hakuuliza, ama unaiweka rasmi mbele na ya mwenyekiti nyuma yake. Hakuna njia ya tatu ya kuweka 11 peke yake. Na ile asilimia 18 ya ada nayo ni hivyo hivyo, kwa mteja "tumekua" maana yake watu wengi zaidi wametuchagua, kumbe 11 kati ya hizo 18 zimenunuliwa pamoja na kampuni nyingine. Mi hii ningeitoa bila kuangalia nyuma.

Hapo utaniuliza, kama kutoa dai zima ni ruksa, si tutoe na malalamiko? Hapana, na hii tofauti ndo ngumu kuieleza kwa bosi. Kutoa ukuaji wa ada hakumpotoshi mteja katika jambo lolote analoamua. Kutoa malalamiko huku umeacha "dawati jipya la malalamiko" kunampotosha, kwa sababu dawati linaonekana zawadi wakati ni dawa ya ugonjwa uliotajwa sentensi moja kabla. Kwenye barua vile vitu viwili vilikuwa vimefungwa pamoja. Ukiamua kutaja dawa, taja ugonjwa, ama uache vyote. Sheria ya ulinzi wa walaji ya Umoja wa Ulaya, ile Direktivu 2005/29, inahesabu kuacha taarifa muhimu ambayo mlaji wa kawaida anaihitaji ili aamue kuwa ni kupotosha, sio lazima uwe umeandika neno la uongo popote.

Na malalamiko yana ujanja wake. Mtu mmoja mwerevu kwenye kikao atasema, jamani wateja nao wameongezeka, tuandike malalamiko kwa kila wateja 1,000. Wazo zuri. Mwaka jana malalamiko 1,900 kwa wateja 380,000, ni 5 kwa kila 1,000. Mwaka huu 2,600 kwa wateja 500,000, ni 5.2. Karibu hayajabadilika, kila mtu kikaoni anapumua. Halafu unauliza swali moja la kichokozi: hao wateja 500,000 wamo wa kampuni iliyonunuliwa? Wamo, 100,000. Na malalamiko yao yamo kwenye 2,600? Hayamo, bado wako kwenye mfumo wao wa zamani. Basi hesabu ya haki ni 2,600 kwa wateja 400,000, yani 6.5 kwa kila 1,000. Juu na chini ya mstari wa kugawanya lazima wawe watu wale wale. Hili kosa halionekani kwenye barua, linaonekana ukimuuliza aliyehesabu, na mara nyingi yeye mwenyewe anashtuka.

Baada ya mizunguko yote hiyo dondoo zinatoka hivi:

"Bima ya magari mwaka huu. Kwa kila madai 100 yaliyoripotiwa, 77 yalilipwa, 3 yalikataliwa na 20 nyaraka hazikuwa zimekamilika hadi mwaka kufungwa.

Nyaraka zikishakamilika, malipo yalichukua wastani wa siku 12. Mwaka jana zilikuwa 21. Ukihesabu tangu kuripoti, wastani ulikuwa siku 38.

Malalamiko yaliongezeka, kutoka 1,900 hadi 2,600, hasa baada ya kuhamisha mfumo katika robo ya tatu. Wateja wa kampuni tuliyoinunua hawamo katika hesabu hii.

Tunapanga dawati la malalamiko la saa 24 kuanzia katikati ya mwaka ujao. Mdhibiti bado hajatoa idhini."

Ni fupi kuliko aya ya mwenyekiti, na imekuwa na namba ambazo aya haikuwa nazo, hilo huwa linawashangaza watu, wanadhani kufupisha ni kupunguza tu. Asilimia 96 sijaiweka. Ingeweza kukaa, ila ukiweka 96 na 77 kwenye mistari minne msomaji anaondoka na ile kubwa.

Angalia pia mahali masharti yalipokaa. "Nyaraka zikishakamilika" iko mbele ya namba, makusudi kabisa. Meseji ya kawaida ya simu inabeba herufi 160, kwenye skrini arifa ya juu inaonyesha maneno machache ya mwanzo tu, na mtu wa mitandao akitengeneza kadi yenye picha atachukua namba na maneno yaliyo karibu nayo basi. Sharti likikaa mkiani ndo la kwanza kukatwa, tena na mashine, hakuna hata wa kumlaumu. Likikaa mbele, aliyekata nusu ya sentensi anabaki na sharti bila namba, kitu ambacho hakina maana na hakimdanganyi mtu. Kwa hiyo usiandike "siku 12 tangu nyaraka kukamilika", andika "nyaraka zikishakamilika, siku 12". Kiswahili kinakuruhusu, -ki- imekaa tayari kwa kazi hiyo.

Grafiki napita haraka, ila mbili tatu lazima. Nguzo za 21 na 12 zianzie sifuri, la sivyo 12 inaonekana kama kisiki. Kinyota chenye maelezo madogo chini ya picha usikihesabu kama kishikizo, hakisomwi. Na picha ya mama anacheka na simu saa sita usiku pembeni ya habari ya dawati ambalo halijafunguliwa, picha hiyo inasema "sasa" hata kama maandishi yanasema "tunapanga".

Kabla haijatoka huwa natafuta watu watatu ambao hawajaiona barua, sio wa masoko, walinzi au wahasibu wa chini au yeyote anayepita, nawapa dondoo kwenye simu, nusu dakika, nachukua simu yangu, nauliza: ukipata ajali kesho utalipwa baada ya muda gani? Dawati la usiku lipo? Wakijibu "siku 12" na "lipo", haijalishi sentensi zangu ni sahihi kiasi gani, narudi mezani. Kwenye rasimu moja ya namna hii wawili kati ya watatu walijibu dawati lipo, wakati nilikuwa nimeandika "dawati la saa 24 kuanzia katikati ya mwaka ujao, tunapanga". Nikaleta "tunapanga" mbele, nikaongeza sentensi ya idhini peke yake, wakaelewa.

Halafu inarudi kwa ofisi ya mwenyekiti kupitishwa, na hapo jiandae. Mwaka mmoja niliulizwa kwa nini nimetia malalamiko kwenye kitu cha kuwafurahisha wateja. Nikafungua barua yake mwenyewe nikaonyesha, mzee, hii ni sentensi yako, ukurasa wa tatu. Akaisoma mara mbili. Akasema basi iache, ila robo ya tatu iandike kwa miezi, watu hawajui robo ya tatu ni lini. Na alikuwa sahihi, sikuwa nimeliwaza.